Mashine imesoma 108 kwa mtoto wa wiki 11: ni presha kweli?

"Daktari, mtoto wangu alizaliwa wiki ya 31 kwa upasuaji kwa sababu presha yangu ilipanda sana. Alikaa nasari wiki 5, na siku za mwanzo aliwekewa mpira kwenye kitovu. Sasa ana wiki 11, ana kilo 3.4, na ananyonya vizuri. Nilipompeleka chanjo hapa Kisumu, nesi alimpima presha mara tu baada ya sindano, akiwa analia, ikasoma 108 kwa 66. Akasema iko juu, nirudi. Nyumbani tulitumia mashine ya mama mkwe, ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Tuliifunga pajani ikasoma 139 kwa 91. Jirani anasema 108 si kitu kwa sababu hata mtu mzima ni 120. Je, amerithi presha yangu? Nipunguze chumvi ninapokula? Mama mkwe ana vidonge vyake vya presha, anauliza kama robo inaweza kumsaidia."

Mama, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Kidonge cha mama mkwe kisimguse mtoto, si robo, si unga wake kwenye kijiko cha maziwa. Baadhi ya vidonge vya presha wanavyotumia watu wazima, kama kaptopril na enalapril, huzuia homoni ambayo figo za mtoto mchanga huitegemea ili zipate damu ya kutosha. Mtoto wa umri huu anaweza kushushwa presha kwa kiasi kidogo sana cha dawa hizo, ikaanguka ghafla, na figo zikaacha kutoa mkojo. Ikithibitika kwamba anahitaji dawa, tutaipima kwa uzito wake, tutaanza na kiasi cha chini kabisa, na atakuwa mahali ambapo anaweza kupimwa tena na tena.

Pia, ile 139 ifuteni kabisa, hata msiiandike kwenye kitabu cha kliniki. Mashine inayojipima haisikilizi sauti ya damu. Inajaza mkanda upepo mpaka damu isimame, kisha inapunguza upepo polepole huku ikihisi mtikisiko wa mshipa chini ya mkanda. Pale mtikisiko unapokuwa mkubwa kuliko pote ndipo penye presha ya wastani. Namba mbili mnazosoma kwenye kioo, ya juu na ya chini, zinakokotolewa kutoka hapo kwa hesabu iliyowekwa kiwandani, na katika mashine ya nyumbani hesabu hiyo ni ya mtu mzima. Mtoto akirusha mguu, mashine haiwezi kutofautisha teke na mpigo wa moyo. Mkanda wa kifundo cha mkono cha mtu mzima, ukizungushwa kwenye paja la mtoto wa kilo 3.4, unalegea na kupinda, na mkanda uliolegea hutoa namba kubwa kuliko ilivyo. Tena mashine hizo hujaza upepo kwa ajili ya mtu mzima, kwa hiyo zinamkaza mtoto mpaka aumie, na maumivu yenyewe yanapandisha presha. Msimpime tena nyumbani kwa mashine hiyo.

Sasa ile 108. Jirani amekosea na nesi amefanya vyema kukuambia urudi, lakini namba yenyewe haiwezi kutuambia kitu kwa jinsi ilivyopatikana. Nitaeleza yote mawili.

Presha ya mtoto mchanga haina uhusiano na 120 kwa 80. Mtoto aliyetimiza miezi yake tisa, siku anapozaliwa namba yake ya juu huwa katikati ya 60 na 70 na kitu. Katika wiki ya kwanza inapanda karibu pointi 1 au 2 kila siku, halafu inaendelea kupanda taratibu, kama pointi 1 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na mwaka 1, akiwa ametulia, mara nyingi namba yake ya juu iko karibu na 90. Ndiyo maana 108 ambayo mtu mzima angeifurahia, kwa mtoto inatufanya tusimame na kuuliza.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake tunahesabu tofauti kidogo. Hatuangalii wiki alizokaa duniani peke yake, tunaongeza zile alizokaa tumboni. Wako ana 31 na 11, yaani wiki 42. Majedwali tunayotumia yanaonyesha kwamba mtoto wa wiki 42, akiwa ametulia, ana presha ya katikati ya 85 kwa 50. Watoto 95 kati ya 100 hawavuki 98 kwa 65, na 99 kati ya 100 hawavuki 102 kwa 70. Angezaliwa leo akiwa na wiki 31 na akapimwa vizuri, tungetazamia namba za chini zaidi ya hizo kwa pointi karibu 20. Ukisikia mtu akitaja namba moja kuwa ndiyo presha ya kawaida ya watoto wachanga, muulize ya mtoto wa wiki ngapi.

Kwa hiyo 108 imevuka mstari wa juu. Lakini alipimwa baada ya sindano, akilia. Mtoto anayelia anaweza kuongeza pointi 20 au zaidi, na hata kunyonya chuchu au kidole kunapandisha. Sijui pia kama mkanda uliotumika ulimfaa. Mkanda mdogo kuliko mkono unatoa namba ya juu ya uongo, na hilo ndilo kosa linalotokea zaidi kliniki, kwa sababu mikanda midogo ya watoto wachanga hupotea au hubaki mmoja tu, na huo mmoja unafungwa kwa kila mtoto.

Ukirudi, hivi ndivyo anavyotakiwa kupimwa, na una haki ya kuomba ifanyike hivyo. Siku hiyo asidungwe sindano kwanza wala kutolewa damu. Mnyonyeshe, kisha ngoja karibu saa moja na nusu. Muuguzi apime mzunguko wa mkono wa kulia, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe. Mkono wa mtoto wako pengine utakuwa na mzunguko wa karibu sentimita 10. Mkanda unaomfaa una mfuko wa upepo wenye upana wa karibu nusu ya mzunguko huo, yaani sentimita 4.5 hadi 5, na urefu unaozunguka karibu mkono mzima. Mikanda ya wachanga imeandikwa namba 1 hadi 5 na kiasi cha mzunguko kinachofaa, kwa hiyo hakuna haja ya kukisia. Wakisitasita kati ya miwili, wachukue mkubwa. Mashine yenyewe iwekwe kwenye hali ya mtoto mchanga. Mashine nyingi za wodini zina sehemu ya kuchagua, na ikiachwa kwenye mtu mzima inamkaza mtoto bila sababu.

Baada ya kuufunga mkanda, asiguswe. Hili ndilo jambo gumu zaidi katika kliniki yenye foleni, nalo ndilo linaloamua ukweli wa kipimo. Mwache alale chali au kwa tumbo, wewe ukiwa karibu, kwa dakika 15. Kufungwa mkanda kunamshtua. Utaona miguu ikijikunja, uso ukikunjamana, halafu taratibu vidole vinafunguka na pumzi inakuwa sawa. Hapo ndipo mashine ibonyezwe. Wapime mara 3, wakingoja dakika 2 kati ya kipimo na kipimo, na waandike zote tatu pamoja na neno moja kuhusu hali yake: amelala, yuko macho ametulia, au analia. Kipimo cha kwanza karibu kila mara huwa cha juu kuliko cha tatu, kwa hiyo anayepima mara moja tu na kuandika anaandika kile kibaya kuliko vyote.

Tuseme zitoke 101, 94 na 92. Mimi ningeitazama ya pili na ya tatu, zinazokaa karibu na 93. Hiyo iko juu ya katikati lakini chini ya 98, na ningekuambia urudi wiki mbili baadaye tuangalie tena, bila dawa na bila hofu. Tuseme sasa zitoke 105, 103 na 104 akiwa amelala usingizi. Hapo sina pa kusingizia kilio. Kwa kawaida tunasema mtoto ana presha ya juu baada ya kuipata juu ya mstari wa 95 katika siku 3 tofauti, lakini kwa mtoto mwenye historia ya wako nisingengoja siku hizo tatu ziishe ndipo nipime figo. Ningeanza uchunguzi huku vipimo vikiendelea.

Watoto wengi wanaokuja chanjo hawapimwi presha, na hatukosei kutowapima. Mtoto aliyezaliwa akiwa ametimia, mzima, ni nadra sana kuwa na presha ya juu, karibu 2 kwa kila 1,000, na kumpima kila mmoja katikati ya vilio kungetuletea namba za uongo nyingi kuliko za kweli. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017, ambao madaktari wa nchi nyingine pia huufuata, unasema watoto wazima waanze kupimwa kila mwaka wakifika miaka 3. Kabla ya hapo wapimwe wenye sababu: waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wadogo mno, waliolazwa nasari wakahudumiwa sana, wenye ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa nao, wenye figo zenye kasoro au maambukizi ya mkojo yanayorudi, na wanaotumia dawa zinazopandisha presha. Mtoto wako yuko kwenye kundi la kwanza, na ana jambo jingine zito zaidi, ule mpira wa kitovu.

Mpira huo unasaidia sana. Ukiwa kwenye mshipa wa ateri ya kitovu, tunachukulia damu ya vipimo na kufuatilia presha ya mtoto mdogo bila kumchoma kila mara. Lakini ncha yake inakaa ndani ya mshipa mkuu wa damu, karibu na pale mishipa ya figo inapochipuka, na kwenye ncha hiyo panaweza kuganda kitone cha damu. Kitone kikikatika na kuziba tawi la mshipa wa figo, sehemu ya figo inakosa damu. Figo haina njia ya kujua kwamba ni tawi lake tu lililozibwa. Inafanya kama nyumba ya mwisho kwenye laini ya maji, ambayo bomba lake likitiririka kidogo inadhani mji mzima hauna maji na kupiga simu presha iongezwe. Figo inamwaga kemikali iitwayo renini, mishipa ya mwili mzima inabana, chumvi na maji vinazuiwa visitoke, na presha inapanda kwa mtoto mzima ili kumridhisha kipande kimoja cha figo. Hili linaweza kutokea mpira ukiwa bado mahali pake, au kuonekana wiki kadhaa baada ya kutolewa, wakati mtoto ameshafika nyumbani na ananenepa. Uliza nasari kama ulikuwa kwenye ateri au kwenye vena ya kitovu, na ulikaa siku ngapi. Wakati mwingine imeandikwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Ukiwa kwenye vena, hofu hii ya figo inapungua sana.

Jambo la pili nisingeliacha ni miguu. Mshipa mkuu unaweza kuwa umebanwa mahali fulani baada ya kutoa tawi linalokwenda mkono wa kulia. Damu inafika mkononi kwa nguvu na miguuni kwa unyonge. Mwombe daktari aweke vidole viwili kwenye kinena, pale paja linapokutana na tumbo, atafute mpigo pande zote mbili, kisha apime presha ya mkono wa kulia na ya mguu, kwa mkanda unaoutosha mguu. Kwa kawaida mguu hauachwi nyuma sana na mkono. Mkono ukizidi mguu kwa pointi 20 au zaidi akiwa ametulia, au mpigo wa kinena usipopatikana, anahitaji picha ya moyo upesi. Ndiyo maana pia nimesisitiza mkono wa kulia: wa kushoto unaweza kutoka karibu na pale palipobanwa na ukatudanganya.

Kuhusu kurithi: presha yako ya ujauzito haikuhamia kwake kupitia damu wala kupitia maziwa. Ilichofanya ni kumlazimisha azaliwe mapema, na kuzaliwa mapema ndiko kulikomfikisha nasari na kwenye mpira. Watoto wa kina mama waliopata presha ya ujauzito, wakikua, kwa wastani huwa na presha ya juu kidogo kuliko wenzao, na ni sababu nzuri ya kumpima kila mwaka atakapokuwa mkubwa, lakini haielezi 108 ya wiki 11. Wewe mwenyewe ndiye ningependa upimwe. Kama hujapimwa presha tangu ulipojifungua, pima siku hiyohiyo unayompeleka.

Chumvi ya chakula chako usiihangaikie kwa ajili yake. Maziwa ya mama yana chumvi kidogo kwa maumbile yake, na kula kwako omena yenye chumvi hakuyageuzi. Endelea kumnyonyesha. Kitu ninachotaka uache, kama unatumia, ni matone ya dukani ya kuzibua pua. Baadhi yana dawa inayobana mishipa, na kwa mtoto mchanga yanaweza kupandisha presha au kumfanya asinzie kupita kiasi. Mafua ya mtoto wa umri huu yanatosha matone ya maji ya chumvi. Ukienda kliniki, beba chupa ya kila dawa uliyopewa nasari, hata zilizoisha.

Vipimo vikitoka juu tena, hatua za mwanzo si za kutisha. Mkojo unapimwa kwa kijiti kuona kama una damu au protini, damu inapimwa ili kujua figo zinavyofanya kazi, na figo zinapigwa picha ya altrasaundi. Mwombe anayepiga aangalie pia mwendo wa damu kwenye mishipa ya figo, kwa sababu figo inaweza kuonekana nzuri kwa umbo huku mshipa wake umeziba. Kisha picha ya moyo. Hapo Kisumu anzia kwa daktari wa watoto katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, na kama nasari yake ilikuwa hapo faili lake litasaidia sana. Ikihitajika mtaalamu wa figo au wa moyo wa watoto, watakupa barua ya kukuelekeza kwake, na pengine utapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Watoto wengi wa namna hii wanaoanzishiwa dawa hawaitumii maisha yote. Figo inapona au inajipanga upya, na mara nyingi dawa hupunguzwa na kuachishwa kabla ya mwaka kuisha au karibu na hapo.

Kuna hali ambazo si za kungoja kliniki. Mtoto mchanga hawezi kukuambia kichwa kinamuuma, kwa hiyo presha ya juu sana inajionyesha kwa njia nyingine: anakataa titi alilokuwa akilipenda, anatoka jasho na kuhema akinyonya, analia bila kunyamazika kisha analegea, macho yanakodoa upande mmoja, mkono au mguu unatetemeka kwa mpigo hata ukiushika. Akihema mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, hesabu dakika nzima, kisha hesabu tena. Ukiona lolote kati ya haya, nenda usiku huohuo.

Na kinyume chake pia ni cha kuogopa. Mtoto mwenye maambukizi makali kwenye damu, au aliyeharisha sana, huishiwa na nguvu ya damu, lakini mwili wake hubana mishipa na kuishikilia namba ya presha mpaka dakika za mwisho. Akiwa hivyo usidanganyike na mashine inayosoma vizuri. Bonyeza kifua chake kwa kidole sekunde chache kisha achia: rangi ikichelewa kurudi kwa zaidi ya sekunde 3, na mikono na miguu ikiwa baridi ilhali mwili una joto, huyo ni mgonjwa mahututi, namba isomeke vipi.

Kwa anavyonyonya na kunenepa sasa, sioni dalili hizo kwake, na una siku chache za kupanga. Nenda ndani ya wiki hii, asubuhi mapema kabla foleni haijajaa, na umwambie muuguzi kabla hajakufungulia kitabu kwamba umekuja kwa kipimo cha presha cha mtoto aliyetulia, si chanjo. Akilia katikati, wasubiri. Siku hiyo akikataa kutulia kabisa, rudi naye kesho yake badala ya kukubali namba ya kilio kwa mara nyingine. Hata zikitoka nzuri, apimwe tena kwa njia hiyohiyo kila anapokwenda kupimwa uzito mpaka afikishe mwaka, na kila namba iandikwe na wiki zake na hali aliyokuwa nayo.